Shajara na Sampuli ya Papo kwa Papo katika Utafiti wa Uchaguzi wa Lugha: Mfano wa Handeni na Korogwe

Ikisiri

Tafiti nyingi za uchaguzi wa lugha nchini Tanzania hutegemea hojaji inayomtaka mtafitiwa akumbuke na kujumlisha: nyumbani hutumia lugha gani, sokoni lugha gani, msibani lugha gani. Makala haya yanaeleza njia nyingine mbili ambazo hunasa tendo la usemi likiwa bado bichi, yaani shajara ya mazungumzo na sampuli ya papo kwa papo. Yanafafanua namna kila njia inavyofanya kazi, kile inachokiona na kile kinachoiponyoka, kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Handeni na Korogwe, ambako Kizigula, Kinguu, Kisambaa na Kibondei hukutana na Kiswahili kila siku. Hoja kuu ni kwamba wito usiojibiwa na shajara iliyojazwa kwa mkupuo havipotoshi data kiholela. Kwa kawaida huelekea upande mmoja, na katika eneo hili upande huo ni wa kuzipunja lugha za jamii.

1.0 Utangulizi

Anayesafiri kutoka Mkata hadi mji wa Handeni, kisha akarudi barabara kuu na kupitia Segera hadi Korogwe, hupita katika eneo ambalo ramani ya lugha hulipaka rangi mbili au tatu tu. Handeni ni Uzigula, na upande wa magharibi uliokuja kuwa wilaya ya Kilindi ni Unguu. Korogwe ni mchanganyiko: Wazigula na Wabondei katika bonde, Wasambaa katika miinuko ya Bungu na kwingineko, na wazawa wa vibarua waliotoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Ramani hizo zina manufaa yake. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ni kazi ambayo hakuna mwanaisimu wa nchi hii anayeweza kuipuuza. Hata hivyo, atlasi hutuambia ni nani wazungumzaji wa lugha fulani na wako wapi. Haikukusudiwa kutuambia ni saa ngapi za siku wanaizungumza, na nani, na huiacha wakati gani.

Kwa swali hilo la pili, watafiti wetu wamezoea hojaji. Mapokeo hayo yana mizizi mirefu: uchunguzi wa matumizi ya lugha uliohaririwa na Polomé na Hill (1980) uliwauliza watu lugha wanazotumia katika miktadha mbalimbali, na tasnifu nyingi zilizofuata ziliurithi mtindo huo pamoja na majedwali yake. Majedwali hayo ndiyo leo yanayotumiwa kusema kwamba lugha fulani “bado inatumika nyumbani” au kwamba “inakufa”. Kauli kama hizo si ndogo. Mtu huzitegemea anapoamua kama watoto wa Kizigula wanahitaji kurekodiwa hadithi za bibi zao mwaka huu au baada ya miaka ishirini. Ni haki, basi, kuuliza kama jibu la hojaji linaweza kuubeba mzigo huo.

2.0 Kumbukizi na kanuni ya “kwa kawaida”

Mtu anapoulizwa, “Nyumbani mnatumia lugha gani?”, hana daftari kichwani la mazungumzo yote ya mwezi uliopita. Hujibu kwa kanuni. Hujiuliza yeye ni nani, nyumba yake ni ya namna gani, na jambo la kawaida kwa watu kama yeye ni lipi. Mzigula anayejivunia asili yake atasema Kizigula, na mwalimu anayehisi kuwa aliyetumwa na chuo kikuu anatarajia Kiswahili atasema Kiswahili. Hakuna anayedanganya hapo. Kila mmoja ametoa maelezo ya utambulisho wake, ambayo ni data nzuri kabisa ya mielekeo ya lugha, ila si data ya matumizi.

Ushahidi ulio wazi zaidi nchini mwetu wa namna kumbukizi inavyopotosha hautoki katika isimu bali katika uchumi wa kilimo. Arthi, Beegle, De Weerdt na Palacios-López (2018) walizigawa kwa nasibu kaya zaidi ya 800 za wakulima katika mkoa wa Mara, katika msimu wa kilimo wa mwaka 2014. Baadhi ziliulizwa kila wiki, ana kwa ana au kwa simu, zimefanya kazi saa ngapi shambani. Nyingine ziliulizwa mara moja tu baada ya msimu kwisha. Waliosubiri mwisho wa msimu walitaja saa nyingi mno kwa kila mtu katika kila shamba, hadi kukaribia mara nne ya zile zilizopatikana kwa kuulizwa kila wiki. Jambo la kufundisha zaidi ni lile lililofuata. Kaya hizohizo za kumbukizi zilisahau kutaja baadhi ya mashamba na baadhi ya watu waliofanya kazi, na kwa sababu hiyo jumla ya saa za kaya nzima haikutofautiana sana na ile ya kundi la kila wiki. Makosa mawili yalikuwa yamekingana.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu lina sura yake katika isimujamii. Mzungumzaji anayejibu hojaji huyakuza matukio yanayofanana na kanuni yake (chakula cha jioni na mama mzazi, kwa Kizigula) na huyasahau kabisa yale madogo yasiyo na jina: kumtuma mtoto dukani, kubishana na jirani kuhusu mbuzi, kumwelekeza dereva wa bodaboda. Jumla yake inaweza hata kutokea kuwa sahihi. Lakini mtafiti anayetaka kujua lugha inarithishwa kupitia mazungumzo yapi hatasaidiwa na jumla iliyonyooshwa na makosa mawili.

3.0 Shajara na wito

Njia ya kwanza ya kuikwepa kumbukizi ni shajara. Mtafitiwa hupewa daftari dogo na huandika kila mazungumzo mara yanapokwisha: saa, mahali, aliyezungumza naye, mada kwa neno moja au mawili, na lugha. Njia ya pili ilisitawishwa huko Chicago katika miaka ya 1970 na Mihaly Csikszentmihalyi pamoja na wenzake, akiwamo Reed Larson. Waliwapa watu peja, wakaziita kwa nyakati za nasibu, na kila peja ilipolia mtu alijaza karatasi fupi kuhusu alichokuwa akikifanya na alivyojisikia wakati huohuo. Katika makala haya naiita sampuli ya papo kwa papo, na kila mlio nauita wito.

Ni rahisi kuzidhania njia hizi kuwa ni kitu kimoja, moja ya karatasi na nyingine ya simu. Tofauti yao ni ya msingi zaidi ya hapo. Shajara huhesabu matukio, ilhali wito hupima muda. Tuseme mkazi wa Handeni mjini yuko macho na hadharani kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku, yaani dakika 900, na katika siku hiyo ana mazungumzo 20. Kumi kati ya hayo ni maamkizi ya njiani ya dakika mbilimbili, na yote ni ya Kizigula. Mengine kumi ni marefu na ni ya Kiswahili. Shajara iliyojazwa kwa uaminifu itaonyesha kwamba nusu ya mazungumzo yake ni ya Kizigula. Wito, kwa upande wake, hautayaona maamkizi hayo isipokuwa kwa bahati, kwa kuwa yanachukua dakika 20 tu kati ya 900. Mtu anayeitwa mara sita kwa siku kwa wiki nzima, yaani mara 42, atakutwa katika maamkizi hayo takriban mara moja tu.

Matokeo yote mawili ni ya kweli. Swali ni lipi kati ya hayo linaijibu hoja ya mtafiti. Anayechunguza uhai wa maamkizi, utani au namna ya kuwaita wakwe hana budi kutumia shajara, kwa sababu matukio hayo ni mafupi na yana uzito kuliko urefu wake. Anayetaka kujua mtoto anaisikia lugha gani kwa sehemu kubwa ya siku yake atumie wito. Nimesoma rasimu za wanafunzi ambamo data za njia hizi mbili zimechanganywa katika jedwali moja kana kwamba ni vipimo vya kitu kimoja, na jedwali la namna hiyo haliwezi kufasiriwa hata likisafishwa vipi.

4.0 Kuipanga wiki moja

Wiki moja kwa kila mtu hutosha kwa kazi nyingi za uchaguzi wa lugha, mradi iwe na siku ya gulio, Ijumaa na Jumapili. Isiangukie Ramadhani wala kilele cha mavuno, isipokuwa kama nyakati hizo ndizo zinazochunguzwa. Dakika 900 za siku hugawanywa katika vipindi sita vya saa mbili na nusu, na ndani ya kila kipindi huchaguliwa dakika moja kwa nasibu. Wito mmoja na unaofuata vitengane kwa angalau nusu saa. Mgawanyo huo huhakikisha kwamba wito hausongamani asubuhi, na papo hapo mtafitiwa hawezi kubashiri utakuja lini. Akiweza kubashiri, atajiandaa, na aliyejiandaa si yule tuliyetaka kumkuta.

Programu za simujanja zinazotuma wito zenyewe zipo, lakini mtafiti anayezitegemea Handeni vijijini atakuwa amechagua sampuli ya vijana na watumishi kabla hajaanza. Mtambo unaofaa ni kitochi, na anayeita awe mtu. Mtafiti msaidizi mwenye ratiba ya nasibu mbele yake hupiga, huuliza maswali manne kwa muda usiozidi dakika moja, na kukata. Kubipu hakufai. Aliyebipiwa huona deni la kupiga, naye huahirisha hadi apate salio, na hapo tumekwisha kuirudia kumbukizi. Gharama ya kuchajisha simu kwa wiki hiyo ilipwe na mradi, kwa kuwa simu iliyozima jioni ni data iliyopotea jioni.

Maswali yaulize dakika iliyotangulia mlio, si hali ya kawaida. “Kabla simu hii haijalia, ulikuwa unazungumza na mtu?” Jibu likiwa la, hiyo nayo ni data, nayo iandikwe hivyo. Kishawishi cha kuuliza “basi, mazungumzo yako ya mwisho yalikuwa ya lugha gani?” kikataliwe, maana swali hilo linahesabu matukio wakati mengine yote yanapima muda. Likiwa ndiyo, huulizwa alikuwa na nani, wapi, na mwisho huombwa airudie sentensi ya mwisho aliyoitamka yeye mwenyewe, kama alivyoitamka.

Ombi hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Kizigula, Kinguu, Kibondei na Kisambaa ni lugha za kundi moja, ambalo wanaisimu linganishi huliita Seuta. Zinakaribiana kiasi kwamba jina ambalo mtu huipa sentensi yake mara nyingi hufuata kabila la mama yake kuliko umbo la sentensi. Zaidi ya hayo, wazungumzaji wengi huuita “Kiswahili” usemi wenye vitenzi vya Kizigula, au “Kizigula” usemi ambao kilichobaki cha Kizigula ndani yake ni viunganishi na kiimbo. Sentensi iliyorudiwa humwezesha mtafiti kuichambua mwenyewe na kuilinganisha na jina ililopewa. Katika makazi ya Chogo, wilayani Handeni, ambako wanaishi Wazigula waliorudi kutoka Somalia baada ya mababu zao kukaa huko kwa vizazi kadhaa, jina “Kizigula” lina historia yake tofauti, na kuyachukua majina ya lugha bila sentensi kungekuwa kukusanya lebo tupu.

Lipo tatizo moja dogo ambalo sijaliona likitajwa katika miongozo ya nje, wala singelitarajia litajwe. Simu huandika 09:00 na mtafitiwa huandika saa 3. Katika shajara ya karatasi hakuna utata mpaka afike mtu anayetazama saa ya simu, akaandika “saa 9” kwa kuinakili. Je, hiyo ni saa tisa alasiri au saa tatu asubuhi? Siku nzima inaweza kusogea kwa saa sita. Dalili yake ni mpangilio usiowezekana: chai ya asubuhi saa 1 na mlo wa mchana saa 13. Tiba ni kuacha nambari peke yake na kuongeza neno la wakati (alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku), na kumwelekeza kila mtu atumie saa za Kiswahili tu.

5.0 Mfano wa hesabu

Ili msomaji aone namna data hizi zinavyosomwa, tumchukulie mtafitiwa mmoja. Mtu huyu na tarakimu zake ni vya kubuni, na vimewekwa ili kuonyesha hesabu tu. Ni mama wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Handeni, anayeuza machungwa mjini Korogwe. Anaishi na watoto wake na mama yake mzazi. Katika hojaji amejibu: “Nyumbani Kizigula, sokoni Kiswahili.”

Katika wiki moja aliitwa mara 42, akajibu 33. Katika majibu tisa hakuwa akizungumza na mtu. Yanabaki majibu 24 ya kuwa katika mazungumzo: 15 ya Kiswahili, matano ya Kizigula, na manne ambayo sentensi iliyorudiwa ilichanganya lugha zote mbili. Kwa hesabu ya haraka, Kizigula peke yake kinachukua asilimia 21 ya muda wake wa kuzungumza.

Kabla ya kuiandika tarakimu hiyo, tuyatazame majibu yalikotoka. Kumi yalitoka nyumbani. Katika hayo, matano alikuwa na watoto, yote kwa Kiswahili. Mawili alikuwa na jirani, kwa Kiswahili. Matatu alikuwa na mama yake, mawili kwa Kizigula na moja kwa mchanganyiko. Nane yalitoka sokoni: sita ya Kiswahili, na mawili ya mchanganyiko aliyoyafanya na waletaji wa machungwa kutoka kwao. Sita yaliyobaki yalitoka Handeni, ambako alikwenda msibani Jumamosi na Jumapili: matatu ya Kizigula, moja la mchanganyiko, mawili ya Kiswahili.

Jibu lake la hojaji halikuwa uongo. “Nyumbani Kizigula” ni kweli anapomgeukia mama yake. Kile ambacho neno “nyumbani” lilikificha ni kwamba nyumba hiyo ina mipaka miwili ya lugha ndani ya chumba kimoja, na kwamba upande wa watoto hakikukutwa Kizigula hata mara moja. Hojaji ingemweka katika safu ya kaya zinazorithisha lugha. Wito humweka mahali tofauti: kaya ambamo lugha husikika na watoto lakini hawaongeleshwi kwayo. Kwa anayechunguza urithishaji wa lugha, hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Sasa turudi kwenye wito tisa usiojibiwa. Sita kati yake ulitokea siku mbili za msiba, ambazo zilikuwa na jumla ya wito 12. Kwa nini hakujibu? Mtu hapokei simu maiti inapozikwa, wala kisomo kinapoendelea, wala katikati ya kilio cha wanawake waliokaa mkekani. Na baadhi ya vijiji mtandao hushikika juu ya kilima tu. Lakini hizo ndizo saa ambazo Kizigula kinatawala. Tukichukulia kwamba katika wito huo wote sita alikuwa akizungumza Kizigula, hesabu inakuwa 11 kati ya 30, karibu asilimia 37. Tukichukulia kwamba hakukuwa na Kizigula hata kimoja, inakuwa 5 kati ya 30, karibu asilimia 17. Tukitumia uwiano wa majibu sita yaliyopatikana siku hizohizo, inakuwa 8 kati ya 30, karibu asilimia 27. Mtafiti mwangalifu ataripoti masafa hayo yote na kueleza anaelekea wapi na kwa nini. Anayeripoti asilimia 21 peke yake amedhani bila kusema kwamba msibani watu huzungumza kama wanavyozungumza sokoni.

Tahadhari moja ya kitakwimu, kwa kifupi. Watu 20 wanaojibu mara 33 kila mmoja watatoa majibu 660, lakini hawageuki kuwa watu 660. Majibu ya mtu mmoja hufanana kwa kuwa ni ya mtu mmoja. Asilimia ikokotolewe kwa kila mtu kwanza, kisha watu ndio walinganishwe. Asiyefanya hivyo atapata tofauti “kubwa” kati ya Handeni na Korogwe ambayo imeletwa na wasemaji wawili wachangamfu.

6.0 Shajara iliyojazwa kwa mkupuo

Shajara ina ugonjwa wake, nao ni kujazwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanywa. Stone, Shiffman na wenzao (2002) waliupima kwa hila ya kupendeza. Waliwapa wagonjwa wa maumivu sugu shajara za karatasi katika jalada lililofichwa kihisio cha mwanga, ambacho kiliandika kila lilipofunguliwa. Kwa mujibu wa karatasi zenyewe, wagonjwa walikuwa wamejaza kwa wakati asilimia 90 ya mara walizotakiwa. Kwa mujibu wa kihisio, ni asilimia 11 tu. Zilikuwapo siku ambazo jalada halikufunguliwa kabisa na bado karatasi ya siku hiyo ilikuja imejaa.

Sisi hatuna vihisio, lakini daftari lenyewe husema likisomwa kwa jicho. Shajara iliyobebwa kwa wiki mfukoni au kwenye kikapu huchakaa pembe, hupata doa, na kalamu hubadilika rangi katikati ya siku kwa sababu ya kwanza imepotea. Iliyojazwa usiku mmoja ina wino mmoja, mwandiko unaochoka polepole kutoka Jumatatu hadi Jumapili, na saa zote zimekaa kwenye nusu saa kamili. Haina siku yenye pengo. Mimi huitilia shaka zaidi shajara isiyo na pengo kuliko iliyo nayo. Kipimo kingine ni tukio linalojulikana na kijiji kizima: mvua iliyonyesha alasiri, gari lililokwama, gulio lililovunjika mapema. Mtu aliyeandika kwa wakati ataligusa walau kwa neno. Aliyeandika baadaye atakuwa na wiki isiyo na hali ya hewa.

Kinga iliyo bora kuliko uchunguzi ni kuyakusanya madaftari kila jioni, au kila asubuhi, badala ya mwisho wa wiki. Ukurasa mmoja kwa siku moja, ukachukuliwa na mtafiti msaidizi anayepita nyumba kwa nyumba, hauwezi kujazwa kwa mkupuo zaidi ya siku moja. Kazi yake ni kubwa, na ndiyo sababu miradi mingi huiepuka. Mahali ambapo haiwezekani, ni afadhali kupunguza siku kuliko kupunguza ziara. Siku tatu zilizokusanywa kila jioni zina thamani kuliko wiki mbili zilizokusanywa kwa pamoja. Malipo nayo yasifungwe na idadi ya mistari iliyojazwa. Anayelipwa kwa mstari ataleta mistari.

7.0 Mtafitiwa anapojisikia anatazamwa

Kuna swali ambalo msomaji atakuwa ameshaliuliza: je, kujiandika hakubadili lugha inayoandikwa? Hubadili, hasa siku ya kwanza na ya pili. Mtu anayeulizwa mara sita kwa siku kuhusu lugha huanza kuisikia lugha yake. Wapo wanaoongeza Kizigula kwa kuwa sasa kimepewa heshima ya kuulizwa na chuo kikuu, na wapo wanaokipunguza kwa sababu hiyohiyo. Njia ya kulipima ni kulinganisha siku mbili za mwanzo na tatu za mwisho kwa mtu yuleyule, kwa kuzingatia siku za kazi na kazi ili gulio au ibada visiingie katika hesabu. Uwiano ukiwa umesogea kwa watu wengi kuelekea upande mmoja, siku za mwanzo zihesabiwe kuwa za mazoea na kuwekwa kando. Husaidia pia kutoitaja lugha kuwa ndiyo mada. Swali la lugha likichanganywa na maswali ya mahali, shughuli na aliyekuwapo, huvuta macho kidogo. Mtafitiwa aelezwe ukweli wote wiki inapokwisha, aulizwe tena kama anaridhia data zake zitumike, na kukataa kwake wakati huo kuheshimiwe.

Shuleni mambo ni magumu zaidi. Wanafunzi wa sekondari hawaruhusiwi simu, hivyo wito hauna budi kuwa kengele ya vipindi, na jibu ni karatasi ndogo inayotumbukizwa katika sanduku lililofungwa. Lakini katika shule nyingi kuzungumza Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili ni kosa lenye adhabu, na mwanafunzi anayeandika kwamba saa 4 asubuhi alikuwa akizungumza Kiswahili, au Kisambaa, amejiandikia mashtaka. Karatasi zenye majina zitarudi zote zikiwa za Kiingereza. Karatasi ziwe na namba anayoijua mwanafunzi peke yake, sanduku lifunguliwe nje ya shule, na mwalimu wa zamu asiwe ndiye mkusanyaji.

Wapo pia wale ambao hawakuridhia chochote: waliozungumza na mtafitiwa. Sentensi inayorudiwa kwenye simu ni ya mtafitiwa mwenyewe, na iishie hapo. Ya mwenzake isiulizwe. Katika vijiji ambavyo kila mtu anamjua kila mtu, “na shangazi, kisimani, kuhusu mahari” humtambulisha shangazi kikamilifu kama jina lake lingeandikwa. Kwa hiyo aliyezungumziwa aandikwe kwa kundi tu (mzazi, mtoto, mkwe, jirani, mteja, mgeni), mada iachwe nje ya sampuli ya papo kwa papo, na katika shajara ibaki neno moja ambalo mtafitiwa mwenyewe amepewa nafasi ya kulifuta kabla daftari halijaondoka nyumbani kwake.

Inapowezekana kufanya njia zote mbili kwa watu walewale, hojaji isitupwe. Iulizwe mwanzo, kabla ya wito wa kwanza, na iulizwe tena mwisho kwa maneno yaleyale. Pengo kati ya jibu la mwanzo na wiki iliyonaswa linapima umbali uliopo kati ya mtu anavyojiona na anavyosema. Pengo kati ya jibu la mwanzo na la mwisho linapima jambo jingine: kama yule muuza machungwa, baada ya kujibu wito wake, angali anaiita nyumba yake kuwa ya Kizigula.